Dokezo la kuomba majaribio ya saa za kazi zinazonyumbulika: utajuaje kama yamefaulu?

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa utumishi katika kampuni binafsi ya mikopo hapa Mbeya. Tuko 22, na tuna tawi jingine Iringa. Watu wetu wengi wanatoka Uyole na Mbalizi, foleni inawachelewesha kila siku, na wenye watoto wadogo wanahangaika zaidi. Nataka kumwandikia mkurugenzi dokezo tujaribu saa za kazi zinazonyumbulika kwa miezi mitatu kuanzia Oktoba. Nilipomgusia kwa mdomo aliniuliza, "Utajuaje kama imefaulu?" nikakosa jibu. Kwa sasa tunafanya kazi saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na Jumamosi hadi saa 7 mchana. Niandike nini?*

Marahaba, dada. Mkurugenzi wako amekuuliza swali ambalo ndilo dokezo lenyewe. Mengine yote, yaani foleni, watoto na uchovu, anayajua na pengine anayakubali. Asilolijua ni hasara gani anajiingizia, na ataijuaje mapema. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukurasa wako iende kwenye vipimo, na foleni uipe sentensi mbili.

Kabla ya vipimo, panga kwanza kitu chenyewe kinachojaribiwa, maana "saa zinazonyumbulika" ni jina pana mno. Hesabu yenu ya sasa ni hii: saa 8 kwa siku tano baada ya kutoa saa moja ya chakula, ukijumlisha saa 5 za Jumamosi, unapata 45. Hicho ndicho kikomo kamili cha saa za kawaida zinazoruhusiwa kwa wiki na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kwa siku moja mpaka ni saa 9. Maana yake hamna nafasi ya kuongeza hata nusu saa bila kulipa muda wa ziada, ambao kisheria ni mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Saa zenu zinaweza kusogea, haziwezi kuvimba.

Ningependekeza hivi. Mfanyakazi achague kuanza saa 1, saa 2 au saa 3 asubuhi, na aondoke saa 10, 11 au 12 jioni kwa mfuatano huo. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri kila mtu awepo, isipokuwa kwa zamu ya chakula. Jumamosi ibaki kama ilivyo. Usisogeze mwisho kupita saa 12 jioni, kwa sababu baada ya hapo giza linaanza kuingia, daladala zinajaa, na akina mama ndio watakaokuwa wa kwanza kulalamika. Wale wa saa 1 hakikisha wanaenda kula saa 6 mchana, kwani sheria inamtaka mwajiri ampe mapumziko ya saa moja mtu anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Utakutana na mtu anayekuomba aruke chakula ili aondoke saa 9. Mkatalie, hata akiomba kwa machozi, kwa sababu wewe ndiye utakayeulizwa siku afisa kazi akija kukagua.

Kila mmoja achague saa yake kwa mwezi mzima na iandikwe. Uhuru wa kubadili kila asubuhi unavutia kwenye karatasi, lakini ofisi yenu ni ya fedha. Kama mna kasiki yenye funguo mbili kwa watu wawili, wote wawili lazima wawepo wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. Wenye funguo wakichagua mmoja saa 1 na mwingine saa 3, kaunta itafunguliwa saa 3, na wateja waliodamka kutoka Rungwe au Mbozi watakuwa wameketi kwenye benchi saa nzima. Hilo litaua majaribio yako ndani ya wiki ya kwanza, hata kama kila kitu kingine kinakwenda vizuri. Wenye funguo na makeshia wapangwe kwanza, maafisa mikopo na wahasibu wachague baadaye.

Sasa swali la mkurugenzi. Wengi hukimbilia kuahidi kwamba saa mpya zitaongeza ufanisi. Usiahidi hivyo. Mtu aliyepumzika anaweza kufanya kazi vizuri zaidi, lakini katika ofisi ya watu 22 na majaribio ya wiki chache ongezeko hilo, hata likiwepo, halitaonekana kwenye takwimu. Ukiahidi lisiloonekana, utakuwa umeandika mwenyewe ushahidi wa kushindwa kwako. Ahadi yako iwe na pande mbili: huduma kwa mteja haitashuka zaidi ya kiasi tulichokubaliana, na wafanyakazi watapata nafuu wanayoweza kuitaja. Pande zote mbili zikitimia, majaribio yamefaulu. Upande mmoja ukikosekana, hayakufaulu. Muhimu ni kwamba kiasi hicho kiandikwe na kusainiwa kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu baada ya matokeo kila mtu atachagua takwimu inayompendeza.

Kipimo kimoja kitakujia haraka nacho kitakudanganya: uchelewaji. Leo anayefika saa 2 na dakika 40 anaandikwa amechelewa. Akichagua kuanza saa 3, mtu huyo huyo, kwa daladala ile ile, amewahi. Daftari la mahudhurio litaonyesha uchelewaji umeporomoka tangu siku ya kwanza bila mtu yeyote kubadili chochote. Mkurugenzi makini ataliona hilo, na akiliona hatakuamini kwenye mengine. Badala yake pima saa pungufu: jumla ya saa ambazo mtu alipaswa kufanya kwa wiki, ukitoa alizofanya kweli. Kipimo hicho kina maana ile ile kabla na baada, na daftari mlilonalo linatosha kukihesabu, mradi muda wa kutoka nao uandikwe. Ofisi nyingi huandika kuingia tu. Rekebisha hilo mwezi Agosti, si Oktoba.

Kwa upande wa huduma ningechukua vipimo viwili na kuishia hapo. Cha kwanza ni siku zinazopita tangu ombi la mkopo lililokamilika lipokelewe hadi mteja apewe jibu. Tarehe zote mbili tayari zipo kwenye mfumo wenu au kwenye jalada, na huo ni uzuri mkubwa, maana watu wakijua wanapimwa hubadilika kwa muda, lakini tarehe zilizoandikwa kwa ajili ya kazi nyingine hazina sababu ya kupambwa. Cha pili ni kaunta: mara ngapi ndani ya saa za huduma kaunta ilibaki na mtu mmoja au bila mtu. Karatasi moja ukutani inatosha, mlinzi au msimamizi akitia alama saa 2 na nusu, saa 4 na nusu, saa 7 na nusu na saa 10 na nusu. Saa 10 na nusu ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa kuwa wa saa 1 watakuwa wameshaondoka.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningetamani ulielewe kuliko mengine yote, nalo ni msimu. Unataka kuanza Oktoba. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, na wakulima wanatafuta fedha za mbegu na mbolea kabla yake. Maombi yatafurika kwenu Oktoba na Novemba, iwe mmebadili saa za kazi au la. Ukilinganisha Septemba na Novemba utakuwa unapima mvua.

Dawa yake unayo tayari: tawi la Iringa. Wao wabaki na saa za zamani, lakini wapimwe kwa vipimo vile vile na kwa tarehe zile zile. Iringa inafaa kwa sababu kalenda yake ya kilimo inakaribiana na ya Mbeya. Kama mngekuwa na tawi Mwanza au Arusha nisingekushauri ulitumie, kwani kule kuna vuli na masika, na mafuriko ya maombi yao hayafuati miezi yenu.

Tuchukue mfano wenye namba za kubuni uone linavyofanya kazi. Tuseme wiki sita za kabla, kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba, wastani wa siku za kujibu ombi Mbeya ulikuwa 5.1, 6.4, 5.8, 6.9, 5.5 na 6.3. Jumla ni 36, wastani wa wiki zote ni siku 6.0. Iringa kwa wiki hizo hizo wastani wao ni 5.6. Kisha majaribio yanafanyika, na wastani wa Mbeya unapanda hadi 7.1. Mkurugenzi akiona hiyo peke yake atasema, na atakuwa na haki, kwamba saa mpya zimechelewesha wateja kwa siku nzima na zaidi. Lakini Iringa, ambako hakuna aliyebadili kitu, wastani umepanda kutoka 5.6 hadi 6.8. Mbeya imeongezeka 1.1, Iringa imeongezeka 1.2. Toa moja kwa nyingine: Mbeya haikuzidi Iringa hata kidogo. Kilichochelewesha ni msimu, na ofisi yenye saa mpya imeuhimili sawa na ile yenye saa za zamani.

Hesabu hiyo hiyo ingeweza kukugeuka. Iringa ingebaki 5.7 huku Mbeya ikifika 7.3, tofauti ingekuwa siku 1.2, na hapo usitafute visingizio.

Tazama tena zile wiki sita. Bila kubadili lolote, wastani wa wiki uliyumba kati ya 5.1 na 6.9, karibu siku moja kila upande wa 6.0. Huko kuyumba ndiko kunakokuambia mpaka uuweke wapi. Ukisema tutasitisha tofauti ikizidi robo siku, bahati mbaya ya wiki moja au majalada matatu yenye utata yanaweza kukufungia mlango. Ukisema siku tatu, umeweka mpaka ambao hautaguswa kamwe na mkurugenzi atahisi amechezewa. Kwa namba za mfano huu ningeweka siku moja juu ya ongezeko la Iringa. Kwa namba zenu halisi, subiri wiki sita ziishe ndipo uandike mpaka. Na swali la pili ni la biashara, analijibu mkurugenzi mwenyewe: je, mteja wenu anaweza kuvumilia siku moja? Asipoweza, mpaka ushuke, na ukubali kwamba kipimo kitakuwa kikali.

Kuhusu wafanyakazi, uliza maswali matatu mafupi kwenye karatasi isiyo na jina, mara moja mwishoni mwa Septemba na mara moja mwishoni mwa majaribio: wiki iliyopita ulifika kazini mara ngapi ukiwa na wasiwasi wa kuchelewa, uliomba ruhusa ya dharura mara ngapi kwa ajili ya familia, na, safari ya pili tu, hali yako ya kazi imekuwa nafuu, ile ile, au mbaya zaidi. Taja vichwa, usitaje asilimia. "Watu 14 kati ya 22" inaeleweka na haidanganyi. "Asilimia 64" inafanya ofisi ndogo ionekane kama utafiti wa taifa. Tenganisha makeshia na wengine, kwa kuwa wao ndio wenye nafasi ndogo ya kuchagua, na malalamiko ya ubaguzi yakitokea yatatoka kwao.

Kuna kulinganisha kunakoonekana kwa akili lakini hakufai: kuchukua waliochagua saa 1 na kuwapima dhidi ya waliobaki saa 2. Wanaojitolea kuamka mapema mara nyingi ni watu wa aina yao, pengine walikuwa wachapakazi tangu zamani. Hesabu ofisi nzima, pamoja na wale ambao hawakubadili kitu. Wala usitumie idadi ya walioacha kazi. Kwa watu 22 na wiki kumi, mtu mmoja akipata kazi Dodoma ameharibu takwimu yote.

Nimesema wiki kumi, si miezi mitatu. Anza Oktoba mosi, wiki mbili za kwanza ni za kuzoea na hazihesabiwi, nane zinazofuata zinahesabiwa, na mnamaliza kabla ya watu kuanza kuomba likizo za Krismasi. Andika tarehe ya mwisho, na uandike kwamba siku inayofuata wote wanarudi saa 2 hadi uamuzi utolewe. Hili linaonekana la kikatili lakini linawalinda pande zote. Majaribio yasiyo na mwisho hugeuka desturi, na kuiondoa desturi ni kazi kubwa kuliko kuianzisha. Saa za kazi ni sehemu ya maelezo ya ajira ya maandishi, na sheria inataka zikibadilika mfanyakazi ashirikishwe na ajulishwe kwa maandishi. Basi kila mmoja asaini karatasi ya aya moja yenye saa aliyochagua, tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi.

Dokezo lenyewe ningeliandika hivi, uliweke kwenye ukurasa mmoja:

DOKEZO

Kwenda: Mkurugenzi Mtendaji
Kutoka: Afisa Utumishi
Yah: Ombi la kufanya majaribio ya saa za kazi zinazonyumbulika, Ofisi ya Mbeya

Naomba idhini ya kufanya majaribio ya wiki kumi, kuanzia tarehe 1 Oktoba, ambapo wafanyakazi wa Mbeya watachagua kuanza kazi saa 1, saa 2 au saa 3 asubuhi. Jumla ya saa 45 kwa wiki haitabadilika, na hakuna malipo ya muda wa ziada yatakayotokana na mpango huu. Wote watakuwepo kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, isipokuwa kwa zamu ya chakula. Wenye funguo za kasiki na makeshia watapangwa na msimamizi ili kaunta ifunguliwe saa 2 na kufungwa saa 11 kama sasa.

Sababu ni msongamano wa barabara ya Uyole–Mbalizi asubuhi na majukumu ya familia, ambavyo kwa pamoja vimesababisha saa pungufu zilizoonyeshwa kwenye kiambatisho.

Tutapima siku za kujibu ombi la mkopo, hali ya kaunta, saa pungufu, na maoni ya wafanyakazi. Tawi la Iringa litaendelea na saa za sasa na litapimwa vivyo hivyo, ili mabadiliko ya msimu yasihesabiwe kama matokeo ya majaribio.

Majaribio yatahesabika kuwa yamefaulu endapo: ongezeko la siku za kujibu ombi Mbeya halitazidi la Iringa kwa zaidi ya siku moja, kaunta haitakutwa na upungufu wa watu zaidi ya mara mbili kwa wiki, saa pungufu hazitaongezeka, na wafanyakazi wasiopungua 12 kati ya 22 watasema hali ni nafuu, huku wasiozidi 4 wakisema ni mbaya zaidi.

Msimamizi atakuwa na mamlaka ya kusitisha majaribio wakati wowote endapo kaunta itakosa mtu kabisa kwa siku mbili ndani ya wiki moja. Majaribio yakiisha wote watarudi saa za sasa. Taarifa itakufikia ndani ya wiki moja, na naomba uamuzi wako kabla ya mwisho wa Desemba.

Naomba kuwasilisha.

Namba za mpaka nilizoweka hapo ni za mfano. Kwa kuwa mipaka inatokana na vipimo vya Agosti na Septemba, peleka kwanza dokezo fupi mapema Agosti ukiomba mambo mawili: idhini ya kupima sasa, na ahadi ya kuamua kuhusu majaribio wiki ya mwisho ya Septemba, utakapopeleka dokezo hili namba zikiwa mezani. Mkurugenzi anayeogopa kusema ndiyo kwa saa mpya mara nyingi hana tatizo la kusema ndiyo kwa kupima. Mpigie pia mwenzako wa Iringa kabla hajasikia kutoka juu, umweleze kwamba tawi lake halikaguliwi, na kwamba mpango ukifaulu wao ndio watakaofuata. Asipoelewa hivyo atakuletea namba zilizopakwa rangi, na hesabu yako yote inasimama juu ya namba zake.

Jiandae pia kwa matokeo mchanganyiko, ambayo ndiyo ninayoyatarajia zaidi kwenu. Huduma itakuwa imebaki sawa, maafisa mikopo watakuwa wamefurahi, na makeshia watasema kwao hakuna kilichobadilika. Hilo likitokea usiliite kufaulu kwa jumla. Pendekeza saa za kuchagua ziendelee kwa maafisa mikopo na wahasibu, na kwa makeshia upendekeze zamu ya kupokezana ya kila wiki, ambapo mmoja wao anaondoka saa 10 mradi alianza saa 1 kuandaa kaunta. Zamu hiyo ipimwe peke yake, kwa karatasi ile ile ya kaunta, kabla ya kuandikwa kwenye mkataba wa mtu yeyote.